Sekunde nane mbele ya lubugo: kisa cha ukumbi mmoja wa makumbusho mashariki mwa Uganda

Mahali na watu

Kisa hiki ni cha jumba dogo la makumbusho katika mji mmoja wa mashariki mwa Uganda. Jina lake na la mji nimeyaacha, na baadhi ya alama za kuwatambulisha wahusika nimezibadilisha. Jumba lina ukumbi mmoja wa mita 14 kwa 9 wenye sehemu 18 za maonyesho: makabati ya vioo, ngoma, mitumbwi miwili, ramani, na kona ya lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Wageni wake ni mchanganyiko. Kuna wanafunzi wanaoletwa kwa mabasi, abiria wa kutoka Kenya wanaopumzika kabla ya kuendelea Kampala, wafanyabiashara, na familia za askari waliohamishwa kutoka wilaya mbalimbali. Kwenye mlango wa jumba hili Kiswahili husikika kuliko lugha nyingine yoyote. Maandishi yote ya ukutani yalikuwa ya Kiingereza.

Niliitwa kwa sababu moja. Daftari la wageni lilijaa sifa, lakini msimamizi aliona watu wakitoka upesi mno. Alitaka kujua wanaposimama, wanaposimama kwa muda gani, na nini kibadilishwe kwa fedha kidogo zilizokuwapo. Fedha hizo zilitosha kazi ya seremala mmoja, karatasi na pazia.

Kwenye timu tulikuwa wanne: mimi, wahudumu wawili wa ukumbi, na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyeandika maelezo mengi ya ukumbini miaka ya nyuma bila kulipwa. Nitamwita Mwalimu, kama wote walivyomwita.

Siku mbili tulizozitupa

Kumpima mgeni kunaonekana rahisi: unachukua mchoro wa ukumbi, unamfuata kwa macho, unachora njia yake, na anaposimama unaanzisha saa ya simu. Siku mbili za kwanza tulifanya hivyo, na zote mbili ziliharibika.

Kosa la kwanza lilikuwa la miguu yetu. Mhudumu mmoja, akiwa na sare yake inayofanana na ya walinzi, alikuwa akitembea hatua nne nyuma ya mgeni. Siku ya pili mama mmoja mwenye mkoba mkubwa aligeuka ghafla karibu na kabati la shanga.

"Mwanangu, mbona unanifuata? Nimeiba nini?"

"Nisamehe mama, hujaiba kitu. Tunaangalia watu wanapenda kusimama wapi."

"Basi ungeniuliza tu, ningekuambia." Akautoa mkoba begani, akaufungua wote mbele yetu, tukaona khanga, chupa ya maji na mkate. Halafu akatoka nje. Hakumaliza ukumbi.

Nililihisi tukio lile kwa uzito, na bado nalihisi. Mtu anayedhani anashukiwa haangalii maonyesho, anaangalia mlango. Tuliyafuta maandishi ya wageni wote 14 wa siku hizo. Baada ya hapo mpimaji alivua sare, akakaa kwenye kiti, na alihama kati ya sehemu tatu tu ambazo kutoka kwake ukumbi wote huonekana. Mlangoni tulibandika tangazo la Kiswahili na Kiingereza: leo tunaangalia jinsi ukumbi unavyotumika, hatuandiki majina wala hatupigi picha, ukipenda usihesabiwe tuambie. Watu watatu tu walisema hawataki.

Wapo watakaosema tangazo kama hilo hubadilisha mwenendo wa wageni. Huenda hubadilisha kidogo, lakini kumwandika mtu asiyejua anaandikwa ni deni ambalo sikutaka jumba libebe, na baada ya dakika moja au mbili wengi walionekana wamesahau.

Kosa la pili lilikuwa la ufafanuzi. Tulimpima mgeni mmoja watu wawili kwa pamoja, kisha tukalinganisha, tukafanya hivyo kwa wageni kumi. Mhudumu wa kwanza aliandika visimamo 74, wa pili 61, kwa watu walewale. Tofauti ilikuwa hii: mmoja alihesabu hata mtu aliyepunguza mwendo na kugeuza shingo. Tukakubaliana kwamba kusimama ni miguu yote miwili imetulia, uso umeelekea kwenye onyesho, kwa sekunde tatu au zaidi. Baada ya hapo tulipishana kwa kisimamo kimoja au viwili tu. Anayeanza kazi hii bila kupima makubaliano ya wapimaji wake atakuja kudhani amegundua mabadiliko ya wageni, kumbe amebadilisha mpimaji.

Jambo la mwisho la maandalizi ni nani wa kupimwa. Ukiachwa uchague mwenyewe, utamchagua mgeni anayeonekana makini. Tulibandika utepe mfupi sakafuni karibu na mlango. Mpimaji akiwa tayari, mtu mzima wa tatu kuuvuka utepe ndiye anayepimwa, awe nani. Makundi ya shule tuliyaacha kabisa, kwa sababu muda wao ni wa mwalimu mwenye filimbi, si wa macho yao.

Tulichokiona katika wiki nne

Tulipima wageni 60. Nitaeleza sehemu tatu tu za ukumbi, kwa sababu ndizo zilizotufundisha.

Kona ya lubugo ilikuwa fahari ya jumba. Kulikuwa na nguo nzima imetundikwa, nyundo tatu za mbao ndani ya kabati, na ubao wa maneno 214. Kati ya wageni 60, 38 walisimama hapo. Wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 22, na msimamizi alifurahi aliposikia. Lakini wastani huo ulikuwa umebebwa na watu watatu: mmoja alikaa zaidi ya dakika tano, wengine wawili dakika mbili mbili hivi. Tulipowapanga wote 38 kwa mstari, kuanzia aliyekaa kidogo hadi aliyekaa sana, yule wa katikati alikuwa amesimama sekunde nane tu. Kwa vipimo vya muda wa wageni, huyo wa katikati ndiye wa kumtazama. Karibu kila ukumbi una mpenzi mmoja wa jambo fulani anayekaa mpaka miguu iume, na wastani humfanya aonekane kama yupo katika kila mgeni.

Sekunde nane ni maneno mangapi? Mtu mzima anayesoma bila shida husoma kama maneno 200 kwa dakika, yaani maneno matatu na kitu kwa sekunde. Ubao ule ulihitaji zaidi ya dakika moja. Kwa sekunde nane, mgeni wetu wa katikati alifika neno la 26 hivi, na hapo tunajidanganya kwamba alianza kusoma mara tu alipofika. Tukaenda kuhesabu maneno 26 ya kwanza. Yalisema kwamba utengenezaji wa nguo ya gome Uganda ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008, na kwamba mti wake kitaalamu ni *Ficus natalensis*. Yote ni kweli. Hakuna hata neno moja kati ya hayo linalomsaidia mtu aliyesimama mbele ya nyundo tatu.

Ramani ilikuwa kinyume chake. Inaonyesha njia ya misafara kutoka pwani, kupitia Unyanyembe na Karagwe, kuzunguka magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka Buganda, njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walifika nayo miaka ya 1840, na Kiswahili kikaja kwa njia hiyohiyo. Ni watu 29 tu waliosimama, lakini wa katikati alikaa sekunde 34, muda mrefu kuliko onyesho lolote ukumbini. Kwenye kikao cha wiki ya pili tuliisifu. Msimamizi akasema tutengeneze ramani nyingine mbili kama hiyo.

La tatu ni mlango wa nyuma. Kati ya wageni 60, 41 waligeukia kulia walipoingia. Hilo si la ajabu: mwanasaikolojia Mmarekani Arthur Melton aliliona na kuliandika miaka ya 1930, na wengi baada yake. Alionyesha pia kwamba mlango wa kutokea huwavuta watu, wakaacha maonyesho yaliyobaki. Kwetu mlango wa nyuma, uliopo kona ya mbali upande wa kulia, huachwa wazi kwa ajili ya upepo, na nje yake anauza soda kijana mmoja. Wageni 33 waliuendea mwanga ule wakatoka, bila kufika ukuta wa kushoto. Na kwenye ukuta huo wa kushoto ndipo palikuwa na ubao wa utangulizi, ule unaoeleza ukumbi unahusu nini. Watu saba ndio waliosimama mbele yake.

Alasiri ya Mwalimu

Nilipomwonyesha Mwalimu hesabu ya maneno 26, alinyamaza muda.

"Kwa hiyo unaniambia maneno yangu hayafai."

"Hapana, Mwalimu. Nasema hayafikiwi."

"Watu wa siku hizi hawasomi."

Sikumbishia. Nilimwomba akae alasiri moja kwenye kiti cha mpimaji, na saa mkononi. Alikubali, nadhani ili athibitishe neno lake.

Karibu saa tisa na nusu aliingia baba mmoja na mtoto wa kike wa miaka kama saba. Mtoto aliganda mbele ya kabati la nyundo, akauliza kwa Kiswahili kwa nini zina mistari. Baba hakuwa mvivu. Aliinama kwenye ubao, ambao ulikuwa mita moja na nusu pembeni ya kabati na chini ya kiuno chake, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Jua lilikuwa likiingia kwa dirisha la magharibi na kuupiga ubao ule uliofunikwa kwa kioo, akawa amekinga kiganja juu ya jicho kama mtu anayechungulia dirisha la duka lililofungwa. Alihangaika hivyo sekunde kumi na mbili. Kisha akanyooka akamwambia mtoto, "Ni za kusagia."

Mwalimu alikunja karatasi yake polepole. "Jibu lipo," aliniambia, "lipo aya ya nne." Baada ya hapo hakusema tena kwamba watu hawasomi. Ndiye aliyenituma nipange vipimo vyetu kwa saa za siku, na tukaona kwamba asubuhi mgeni wa katikati kwenye lubugo alikuwa akisimama sekunde 11, na baada ya saa tisa alasiri sekunde tano. Tatizo la maandishi na la jua tulikuwa tumeyachanganya kuwa tatizo moja.

Maamuzi, na sababu zake

Jaribio la kwanza la lubugo lilishindwa, na naliandika kwa sababu wengi wangeishia hapo. Tulipunguza maneno kutoka 214 mpaka 90, tukachapa kwenye karatasi ya kawaida, tukabandika juu ya ubao wa zamani kwa utepe. Tulipima wageni 20. Wa katikati alisimama sekunde tisa. Sekunde moja tu imeongezeka, na kwa watu 20 hiyo ni sawa na kusema hakuna kilichobadilika. Maandishi mafupi yaliyopo mahali pabaya bado yapo mahali pabaya.

Jambo moja zuri la karatasi na utepe ni kwamba haikutugharimu kitu kukosea. Kama tungekuwa tumekwisha kuchapisha ubao mpya, tungeutetea.

Jaribio la pili tuliuhamisha ubao ukae chini ya nyundo zenyewe, umelazwa kidogo kuelekea msomaji, bila kioo, kwenye kimo cha mita moja na kidogo ili mtu mzima asiiname na mtoto asome. Herufi zilikuzwa maradufu. Dirisha la magharibi likapata pazia la kitambaa chepesi. Kuhusu lugha tulibishana sana. Tukiweka lugha mbili kwa urefu uleule, ubao unarudi kuwa ukuta wa maneno. Tukaamua kila lugha isizidi maneno 50, Kiswahili na Kiingereza kando kwa kando, na kichwa cha habari kiwe jina lenyewe la kitu, Lubugo, bila tafsiri. Mwalimu aliandika Kiswahili mara sita. Toleo lililobaki ni hili:

*Tazama mifereji ya nyundo hizi tatu. Fundi huanza na yenye mifereji mipana kulipondaponda gome la mutuba. Ya pili hulitandaza. Ya tatu, yenye mifereji myembamba, hulilainisha likawa kitambaa. Kazi hii hufanywa kibandani, gome lisikauke upesi. Rangi yake ya udongo mwekundu huja likianikwa juani. Shika nyundo iliyo mbele yako.*

Mgeni wa sekunde nane sasa anafika kwenye nyundo ya tatu. Habari ya UNESCO haikutupwa. Imewekwa kwenye kibao kidogo kando ya nguo, kwa anayetaka kuendelea. Nyundo ya kushika ilitoka kwa fundi wa lubugo wa kijiji jirani, mpya, si ya mkusanyiko, ikafungwa kwa mnyororo mfupi.

Ramani ilitufundisha kwa njia nyingine. Kabla ya kutengeneza hizo mbili zaidi, niliomba tuwaulize watu 20 waliosimama hapo swali moja wakitoka: ramani ile inaonyesha nini? Kumi na wanne walisema hawakuielewa, au hawakuona mahali walipo. Tukarudi kwenye maelezo ya pembeni ambayo wapimaji walikuwa wameandika bila kuyafikiria: "kidole juu ya kioo", "anageuka nyuma", "anageuka tena". Miji kwenye ramani ilikuwa na namba 1 mpaka 17, na majina ya namba hizo yalikuwa kwenye ubao mwingine mita mbili kando. Watu walisimama sekunde 34 kwa sababu walikuwa wamepotea. Tuliandika majina juu ya ramani yenyewe, njia tukaichora kwa rangi moja nzito, na mji wetu tukauwekea doa jekundu na maneno "Uko hapa".

Kwa mlango wa nyuma, wazo la kwanza lilikuwa kuufunga. Wahudumu walikataa, na walikuwa na haki, kwa sababu saa nane mchana ukumbi ule bila upepo ni tanuri. Tulitundika mbele yake kisitiri cha matete, mita mbili kwenda juu, ambacho hupitisha upepo na kuzuia macho. Ubao wa utangulizi tukauleta kulia, hatua tatu kutoka mlangoni, pale watu 41 wanapogeukia.

Matokeo

Tulipima tena wageni 60, kwa utepe uleule, ufafanuzi uleule na wapimaji walewale.

Kwenye lubugo walisimama 47, na wa katikati alikaa sekunde 31. Muhimu kwangu zaidi ni swali la mlangoni: kwa nini nyundo ni tatu? Kabla ya mabadiliko, kati ya watu 20 tuliowauliza, watatu walijibu sawasawa. Baadaye walikuwa 12 kati ya 20. Tofauti ya asubuhi na alasiri ilikaribia kwisha.

Kwenye ramani muda ulishuka, kutoka sekunde 34 hadi 19. Msimamizi aliponiona na karatasi ile alidhani tumeiharibu. Lakini kati ya watu 20, 15 waliweza kueleza njia ya misafara kwa maneno yao, na dereva mmoja wa lori alituonyesha kwa kidole jinsi barabara anayoipita kila wiki inavyopita upande mwingine wa ziwa. Onyesho lilelile lilikuwa na muda mfupi na uelewa mkubwa. Tangu siku ile siandiki muda wa kusimama kwenye ripoti bila kuandika kando yake mtu alikuwa akifanya nini: anasoma, anaelekeza kidole, anazungumza, anatafuta, anapumzika, anaangalia simu. Hizo ni alama sita tu za herufi moja moja, na mpimaji huzizoea kwa siku moja.

Muda wa ziara nzima kwa mgeni wa katikati ulipanda kutoka dakika 11 hadi 16. Waliofika ukuta wa kushoto walikuwa 27 kabla ya kisitiri na 44 baada yake.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichotushinda

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kulinganisha muda uliopimwa na muda unaohitajika. Sekunde nane peke yake ni namba tu. Ukiiweka kando ya ubao unaotaka zaidi ya dakika, inakuambia ukate wapi, na ukigeuza sekunde kuwa maneno, inakuambia aya ipi ipande juu. Mwandishi wa maelezo haambiwi tena "fupisha", agizo linalomuumiza na kumwacha gizani. Anaambiwa ana maneno 26 ya uhakika, achague. Mwalimu alilifurahia jambo hilo kama fundi anayepewa kipande cha ubao chenye kipimo.

Lakini kwenye lubugo tulifanya kosa ambalo siwezi kulifunika. Tulibadilisha mahali pa ubao, herufi, lugha, pazia na nyundo ya kushika vyote kwa mpigo mmoja. Sekunde 31 ni za nani? Nikiulizwa na jumba lingine lenye fedha za jambo moja tu, sina jibu safi la kuwapa. Nashuku nyundo ya kushika ndiyo iliyoongeza waliosimama, na mahali pa ubao ndipo palipoongeza waliojibu, kwa sababu wapimaji waliandika herufi ya "anasoma" mara nyingi baada ya mtu kuishika nyundo, si kabla. Lakini hilo ni shuku. Tungetumia siku tano zaidi kwa kila badiliko, na karatasi zilikuwapo.

Kuna pia tofauti ya msimu. Duru ya kwanza ilikuwa katikati ya muhula wa shule, ya pili ilianguka likizo ya Desemba, wakati familia zimerudi kutoka mbali na zina muda. Sehemu ya zile dakika tano za nyongeza ni ya likizo. Namna pekee tuliyokuwa nayo ya kukadiria ni kuangalia maonyesho ambayo hatukuyagusa, ngoma na mitumbwi. Huko nako muda ulipanda, ingawa kidogo, sekunde mbili hadi nne. Kwa hiyo kuruka kwa lubugo kutoka nane hadi 31 si kwa likizo peke yake, lakini ziara nzima ya dakika 16 nisingeitangaza kama ushindi wetu.

Kisitiri cha matete ndicho kilichotuaibisha. Kwenye mchoro kilikaa vizuri. Ukumbini kiliacha njia ya sentimita 90 kati yake na ngoma, na tulipopima hatukuliona, kwa sababu tulipima mtu mmoja mmoja na tuliyaacha makundi. Wiki ya pili baada ya kukitundika, kundi la shule lilisimama kwenye ngoma, na watu watano waliokuwa nyuma wakageuka wakarudi mlango wa mbele. Siku iliyofuata alikuja mzee kwenye kiti cha magurudumu akisukumwa na mjukuu wake. Kiti kiligonga tete, wakarudi nyuma, na mjukuu akamwambia, "Babu, huku hakuna kitu." Kulikuwa na ukuta mzima. Jioni ileile tulikisogeza kisitiri karibu zaidi na mlango, njia ikawa mita moja na nusu na zaidi. Upepo ulipungua kidogo, wahudumu wakavumilia. Utepe wetu wa sakafuni na kanuni ya mtu wa tatu vilitupa vipimo safi vya mtu mmoja, na usafi huo ndio uliotuficha msongamano. Sasa katika kila duru tunaweka saa mbili za kuhesabu ukumbi mzima kwa mara moja: kila dakika kumi, mhudumu mmoja anapita na kuandika ni watu wangapi wapo kila kona.

Hali ilivyo sasa

Makundi ya shule bado hatujayapima. Tumeanza kuandika tu ni maonyesho gani walimu huwasimamisha watoto, na mpaka sasa ni ngoma, mitumbwi na lubugo, karibu kila mara kwa mpangilio huo.

Mwalimu anaandika upya ubao wa nane. Anapomaliza rasimu huibandika kwa utepe, huchukua kiti chake na saa, na hukaa nayo alasiri mbili kabla hajaniita. Nyundo ya kushika imepasuka mpini kwa kushikwa, na fundi ameahidi nyingine mvua zikianza, atakapopanda mitubani kubandua magome.